Kupanua Picha Bila Mshono Kuonekana

Mchapaji wa kalenda anataka picha iliyolala, na mpiga picha anayo iliyosimama. Tatizo hili hutokea kila siku, kwa sababu simu hushikwa wima ilhali kalenda, mabango na kurasa za katikati za magazeti zimelala. Kwa miaka mingi njia zilikuwa mbili, na zote mbaya: kukata juu na chini mpaka nusu ya picha ipotee, au kuivuta kwa upana mpaka watu na vitu viwe vinene kuliko walivyo.

Mwaka 2022 ilijitokeza njia ya tatu. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya OpenAI iliiwezesha programu yake ya DALL·E kuchora kile ambacho kingeweza kuwa nje ya ukingo wa picha. Mwaka 2023 Adobe wakaweka uwezo huo ndani ya Photoshop, kwanza kwa jina la Generative Fill, kisha Generative Expand. Tangu hapo mtu yeyote mwenye programu hiyo anaweza kuvuta ukingo wa picha, akabofya, na baada ya muda mfupi akapata anga na bahari ambazo kamera haikuziona.

Kubofya ndiyo sehemu rahisi. Kazi huanza pale unapotazama picha hiyo kwa ukubwa wake halisi na kuona mstari uliosimama pale ya zamani ilipoishia na mpya ilipoanzia. Wengi hukimbilia kuusugua mstari huo kwa brashi ya ukungu, na hawafiki mbali, kwa sababu mstari ni dalili tu. Mshono huonekana kwa kuwa pande mbili za picha hazikubaliani katika jambo fulani: mwanga, rangi, ukali, chenga, au mwelekeo wa mistari. Fundi anayeunganisha vipande viwili vya kitenge haanzi na uzi. Huanza kwa kutazama kama maua yanakutana. Hapa pia, kwanza ujue pande mbili zinabishania nini, ndipo uchague dawa.

Picha ya ngalawa

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Picha imepigwa kwa simu pwani ya Jambiani, mashariki ya Unguja, alasiri, maji yamekupwa. Ngalawa imekaa juu ya mchanga ulio na unyevu. Nyuma yake kuna maji ya kina kifupi, kisha mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia kwenye mwamba, kisha upeo wa macho na anga. Mpigaji alisimama karibu, kwa hiyo rengu ya kulia, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, imekatwa na ukingo wa picha.

Picha ina upana wa pikseli 3024 na urefu wa pikseli 4032. Kalenda ni ya ukubwa wa A4 iliyolazwa, yaani milimita 297 kwa 210. Mchapaji anahitaji milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni takriban pikseli 3580 kwa 2550.

Uamuzi wa kwanza unafanyika hapa, kabla ya kupanua chochote. Punguza picha kwanza mpaka urefu wake uwe 2550. Upana utakuwa takriban 1912. Pengo litakalobaki ni pikseli 1668. Ukiiacha picha na urefu wake wa 4032, pengo hilo litazidi 2600, na utakuwa umeiagiza mashine ikubunie pikseli nyingi ambazo karatasi haitazionyesha.

Uamuzi wa pili ni upande wa kupanua. Wengi hugawa pengo sawasawa kushoto na kulia. Kwa picha hii ni kosa, kwa sababu kulia kuna rengu iliyokatwa, na mashine italazimika kuimalizia. Imejifunza kutoka kwa picha nyingi mno za boti za kila namna, lakini haijui ngalawa inavyoundwa. Inaweza kuukunja ubao, kuuyeyusha ndani ya mchanga, au kuugeuza ubavu wa boti nyingine. Kwa hiyo ukingo wa kulia uachwe ulivyo, na pikseli zote 1668 ziende kushoto, ambako kuna anga, bahari na mchanga tu. Ngalawa itakaa upande wa kulia wa ukurasa, na tarehe za mwezi zitapata uwanja wake kushoto. Kanuni ni hii: panua kuelekea kwenye vitu visivyo na umbo maalumu, na usipitishe ukingo katikati ya kitu ambacho mtazamaji anakijua.

Mashine inavyofanya kazi

Inasaidia kujua kinachotokea unapobofya. Programu hizi huanza na eneo lililojaa chenga tupu, mithili ya televisheni isiyo na mawimbi, kisha hulisafisha hatua kwa hatua. Katika kila hatua huangalia sehemu ya picha iliyo jirani, ili kile kinachoibuka kilingane na kilichopo.

Nyingi kati yake hazishughulikii pikseli moja moja. Hufanya kazi kwenye muhtasari wa picha. Katika matoleo ya awali ya Stable Diffusion, kwa mfano, picha ya pikseli 512 kwa 512 hugeuzwa kuwa jedwali la 64 kwa 64, ambapo kila chumba kimoja kinawakilisha mraba wa pikseli 8 kwa 8. Kazi ikiisha, muhtasari hukunjuliwa tena kuwa picha. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi rangi huweza kuhama kidogo, na zile chenga ndogondogo za kamera hupotea. Hapo ndipo aina mbili za mshono huzaliwa hata kama mchoro wenyewe umefanana: upande mmoja una rangi tofauti kwa kiasi kidogo, na upande mmoja ni laini kupita kiasi.

Kuna kikomo kingine. Generative Fill ilipotoka mwaka 2023, ilizalisha kipande kisichozidi pikseli 1024 kwa 1024. Ukichagua eneo kubwa zaidi, programu hukizalisha kipande hicho kisha hukivuta kijaze nafasi. Anga likivutwa halilalamiki, lakini mchanga hugeuka uji. Matoleo ya baadaye yameboreshwa, hata hivyo kila chombo kina kikomo chake, na ni rahisi kukijua: panua eneo kubwa mara moja, kisha linganisha mchanga mpya na wa zamani kwa ukubwa wa asilimia 100. Ukiona mpya umefifia, gawa kazi vipande vidogo.

Matayarisho kabla ya kubofya

Mishono mingi huzuiwa kabla haijazaliwa. Kwanza, nyoosha upeo wa macho. Mwinamo wa nyuzi 1 hauonekani kwenye picha nyembamba, lakini ukiuendeleza kwa pikseli 1668 utakuwa umepanda au kushuka kwa takriban pikseli 29. Mashine ikiuchora upeo ukiwa sawa wakati wa kwako umeinama, bahari itavunjika pale pale kwenye mshono.

Pili, ondoa giza la pembeni. Lenzi nyingi hufanya pembe za picha ziwe nyeusi kidogo kuliko katikati. Kwenye picha ya kawaida jicho hulizoea. Ukiipanua, giza lililokuwa pembeni sasa limo ndani ya picha, nalo linasimama kama utepe kati ya mwanga wa zamani na mwanga mpya. Huu ndio mshono unaowachosha watu kuliko yote, maana wanaendelea kurekebisha sehemu mpya ilhali kosa liko kwenye ya zamani. Katika Camera Raw Filter, sehemu ya Optics, kuna kitelezi cha Vignette. Kisogeze mpaka anga la ukingoni lilingane na lile la katikati. Kama unataka giza la pembeni kwa ajili ya uzuri, liweke mwishoni, juu ya picha nzima iliyokwisha kupanuka.

Tatu, kata pikseli chache za ukingo wenyewe, kumi hivi zinatosha. Picha iliyoskaniwa mara nyingi ina mstari mweupe au mweusi mwembamba pembeni, na picha iliyonolewa sana na simu inaweza kuwa na ukingo mkali. Mashine ikiuona mstari huo huudhani ni kitu halisi, mlingoti au fremu ya dirisha, na huuendeleza. Ukifanya hivyo, pengo lako litaongezeka kwa kiasi hicho hicho.

Kupanua kwa vipande

Sasa ongeza turubai kuelekea kushoto mpaka upana ufike 3580. Pengo la 1668 tunaligawa safu mbili za takriban pikseli 834. Tukigawa na urefu wa 2550 mara tatu, kila kipande kinakuwa na takriban 834 kwa 850. Kwa hiyo kazi nzima ni vipande sita, vyote vikiwa ndani ya kikomo cha 1024 hata baada ya kuongeza eneo la kupishana.

Eneo la kupishana ndilo siri ya kazi hii. Usichague sehemu tupu peke yake. Eneo ulilochagua liingie ndani ya picha iliyopo kwa pikseli 60 hadi 100. Ukichagua mpaka kwenye ukingo tu, mashine inalazimika kulenga mstari ulionyooka kabisa, na kosa dogo kabisa huonekana. Ukiipa utepe wa kuingilia, inauchora upya utepe huo na kupata nafasi ya kutoka kwenye picha yako kwenda kwenye ya kwake polepole. Generative Expand hufanya jambo hili yenyewe. Kwenye Generative Fill unachagua kwa mkono.

Mipaka ya vipande isipangwe kwa rula bila kuangalia picha. Upeo wa macho, mstari wa mawimbi ya mwambani na maji vyote viingie katika kipande kimoja cha katikati. Mpaka wa juu upite kwenye anga tupu, na wa chini upite kwenye mchanga tupu. Anza na kipande hicho cha katikati, kwa sababu ndicho chenye mistari ambayo lazima ikutane. Kikikubalika, fanya anga juu yake, kisha mchanga chini yake. Safu ya kwanza ikikamilika, ndipo uende kwenye ya pili.

Sanduku la maneno liache tupu. Ukiandika ngalawa, utaletewa ngalawa ya pili. Mashine ikiingiza kitu usichokitaka, kama mnazi, mtu au jahazi la mbali, ndipo uandike maneno machache yanayotaja mandhari tu: anga, bahari, mchanga. Photoshop hukupa matoleo matatu kwa kila jaribio. Usichague kwa uzuri wa mchoro. Angalia kwanza kama mstari wa mawimbi unakutana, kisha kama mwanga unatoka upande ule ule. Rangi ikikosea kidogo utairekebisha baadaye, lakini upeo uliovunjika hautengenezeki kwa urahisi.

Kuzipatanisha pande mbili

Kila kipande huja kwenye tabaka lake pamoja na barakoa, yaani ile ramani nyeupe na nyeusi inayoamua sehemu ipi ya tabaka ionekane. Picha ya asili inabaki salama chini. Hapa ndipo tunatibu jambo moja baada ya jingine, na mpangilio una maana: rangi kwanza, kisha kingo, mwisho chenga.

Kwa rangi, usiliamini jicho. Chukua kidondoshi cha Photoshop, kiweke kisome wastani wa eneo la pikseli 31 kwa 31, kisha bofya anga upande wa zamani na upande mpya kwa urefu ule ule. Tuseme wa zamani unasoma nyekundu 142, kijani 178, buluu 206. Mpya unasoma 146, 180, 203. Tofauti ni ndogo, lakini iko kando kando ya mstari ulionyooka, na jicho la binadamu huzikuza tofauti za namna hiyo. Weka Curves inayogusa tabaka jipya peke yake, ushushe nyekundu kwa 4 na kijani kwa 2, upandishe buluu kwa 3. Rudia kipimo kwenye mchanga, kwa sababu kosa la kwenye mwanga si lazima lifanane na la kwenye kivuli.

Kwa kingo, kuna kanuni ya zamani kuliko programu hizi. Mwaka 1983 watafiti Peter Burt na Edward Adelson walionyesha kwamba upana wa eneo la kuchanganyia picha mbili unapaswa kulingana na ukubwa wa vitu vilivyomo. Vitu vikubwa na laini vinahitaji mchanganyiko mpana; vitu vidogo vyenye umbile vinahitaji mchanganyiko mwembamba. Ukitumia upana mmoja kwa picha nzima, lazima ukosee mahali fulani. Ukiwa mwembamba kila mahali, anga litaonyesha mstari. Ukiwa mpana kila mahali, mchanga utakuwa na utepe ambamo mawe na mikunjo vinaonekana viwiliviwili, kama vivuli vya kitu kilichotikisika.

Kwa hiyo ifanyie kazi barakoa kwa brashi mbili. Angani tumia brashi laini na kubwa, upishanishe hata pikseli 150 au zaidi. Ikiwa utepe uliochorwa upya hautoshi, panua kipande hicho tena ukiwa umeingia ndani zaidi. Kwenye mchanga tumia brashi ndogo yenye kingo kali kiasi, na usifuate mstari wima. Pita pale mchanga wenyewe unapobadilika: ukingo wa kidimbwi, mkunjo wa wimbi, mpaka wa unyevu. Mshono unaofuata umbo lililomo ndani ya picha hausomeki kama mshono. Kwenye upeo wa macho na mstari wa mawimbi, mchanganyiko wa pikseli 5 hadi 10 unatosha.

Mwisho ni chenga. Ikuze picha hadi asilimia 200 na utazame anga. Upande wa kamera una punje ndogondogo. Upande wa mashine ni laini kama karatasi ya kung'aa. Tengeneza tabaka jipya juu ya yote, lijaze kijivu cha asilimia 50, liweke katika hali ya Overlay, kisha tumia Add Noise ukichagua Gaussian na Monochromatic. Anza na asilimia 2 na upande polepole mpaka pande mbili zifanane. Kama punje mpya ni kali kuliko za kamera, zilainishe kwa Gaussian Blur ya pikseli 0.3 hadi 0.5. Kisha zuia tabaka hilo lisiguse picha ya asili, ambayo tayari ina chenga zake. Chenga hizi husaidia pia anga lisigawanyike mistari mistari kwenye uchapaji, tatizo linalopungua zaidi ukifanya kazi yote kwa biti 16.

Kuukagua mshono

Baada ya muda wa kuitazama picha moja, jicho huzoea na kuacha kuona. Linahitaji kusaidiwa. Weka juu ya picha tabaka la muda la Curves, na ukunje mstari wake upande na kushuka mara tatu au nne kama meno ya msumeno. Rangi zitaharibika kabisa, na hilo ndilo unalolitaka, kwa maana tofauti ndogo za mwanga hukuzwa mara nyingi. Anga lililopatana litaonyesha michirizi inayopita upande hadi upande bila kukatika. Anga lenye mshono litaonyesha michirizi inayoruka pale pale penye kiungo. Rekebisha, kagua tena, kisha ufute tabaka hilo.

Tazama pia kila mkondo wa rangi peke yake kwenye dirisha la Channels. Ule wa buluu mara nyingi ndio wenye chenga nyingi zaidi kwenye picha za kamera, kwa hiyo ndio wa kwanza kufichua upande uliobuniwa. Halafu geuza picha kushoto kulia, uipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu. Katika ukubwa huo utepe wa giza la lenzi uliosahaulika hujitokeza mara moja.

Kuna kosa moja ambalo vipimo hivi havilioni: kujirudia. Mashine hupenda kunakili, na vidimbwi viwili vinavyofanana au mawingu mapacha humwambia msomaji kila kitu hata kama kiungo ni kisafi. Sehemu hiyo ichague peke yake na uizalishe upya.

Mahali pasipofaa kupanua

Mashine hubuni kinachowezekana, nacho si lazima kiwe kilichokuwepo. Kwa anga na mchanga wa kalenda, tofauti hiyo haimdhuru mtu. Kwa mahali panapojulikana, ni jambo zito. Chukua picha ya Ngome Kongwe pale Forodhani, Unguja, uipanue upande wa Beit al-Ajaib. Mashine inaweza kukuchorea jengo la mawe lenye baraza na madirisha ya kupendeza ambalo halijawahi kusimama hapo. Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020, kwa hiyo picha za kabla ya siku hiyo sasa ni ushahidi. Picha ya namna hiyo ikipanuliwa na kusambazwa, baada ya miaka michache hakuna atakayejua kipi kilijengwa na binadamu na kipi kilibuniwa na programu. Ikiwa upana unahitajika kweli, tafuta picha nyingine ya siku ile, au acha nafasi tupu pembeni na uijaze kwa rangi moja.

Katika habari jibu ni fupi zaidi: usipanue. Shirika la habari la Associated Press lilieleza mwaka 2023 kwamba halitumii akili unde kuongeza wala kuondoa chochote kwenye picha zake, na mashindano ya World Press Photo hayakubali picha zilizojazwa kwa njia hii. Picha ya mkutano wa hadhara ikiongezewa watu pembeni ni uongo, hata kama mpiga picha alitaka tu ienee ukurasani.

Kwa kazi zinazoruhusu, hifadhi faili la asili bila kuligusa na uliite kwa jina linaloonyesha hivyo. Photoshop inaweza kuambatisha Content Credentials, taarifa inayosema picha ilibadilishwa kwa chombo gani, lakini taarifa hiyo huweza kupotea picha inapopitishwa mitandaoni, na kwenye karatasi haionekani kabisa. Kwa hiyo andika kwenye maelezo ya picha, kwa herufi zinazosomeka: sehemu ya kushoto imeongezwa kwa akili unde. Msomaji anayeambiwa hivyo anajua aitazame wapi kama ngalawa halisi ya Jambiani, na wapi kama pambo la ukurasa.